TUM ya Mombasa si TUM ya Munich

Wasee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo nataka tubishane kidogo. Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu waliomaliza chuo: ukitaka marikruta wa majuu wakuone LinkedIn, toa Mombasa kwenye profaili yako uweke Berlin, London ama Toronto. Ati ukibaki na Mombasa hakuna anayekuona. Nimeusikia Bamburi, nikausikia Mikindani, na juzi nikausikia kwenye feri, jamaa anamfundisha mwenzake kabisa, hatua kwa hatua.

Ushauri huu umeanza na ukweli halafu ukaishia kwenye uongo. Kwamba eneo linakuzuia kuonekana, hilo ni kweli. Kwamba dawa yake ni kudanganya, hapo ndo nakataa. Sikatai kwa sababu mimi ni mtu wa dini sana. Nakataa kwa sababu haifanyi kazi, na kuna njia nyingine ambayo LinkedIn wenyewe wameiweka pale pale, ya bure, na wengi wetu hatujaigusa.

Nitatumia mfano wa binamu yangu, binti ya mama mdogo, mtoto wa Mtongwe. Amesoma uhandisi wa umeme Technical University of Mombasa, miaka yote anavuka feri asubuhi na kurudi jioni. Anataka kazi Ujerumani. Amenipa ruhusa nimwandike bora nisitaje jina, kwa hivyo jina mtalikosa.

Kwanza tuelewe rikruta anafanya nini, manake wengi tunafikiri anakaa anaperuzi profaili kama sisi tunavyoperuzi TikTok. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya kuajiri alinionyesha skrini yake. Kampuni yao inalipia programu inaitwa LinkedIn Recruiter. Pale hakuna kuperuzi. Kuna visanduku: cheo cha kazi, eneo, ujuzi, miaka ya kazi, maneno maalum. Anajaza, anabonyeza, majina yanashuka mengi, na yeye anasoma kurasa chache za mwanzo. Kama hukuingia kwenye hiyo orodha, hata ungekuwa na digrii tatu, kwake wewe hujazaliwa.

Sasa angalia kisanduku cha eneo. Rikruta wa Stuttgart anaandika Stuttgart. Wewe uko Mtongwe. Umetoka. Hapa ndipo wale jamaa wa feri wanapokimbilia kubadilisha eneo. Lakini kwenye kisanduku hicho hicho kuna chaguo la kujumuisha watu ambao wako kwingine ila wamesema wako tayari kuhamia Stuttgart. LinkedIn inajuaje kwamba uko tayari? Haijui kwa sababu uliandika posti ya kulia kuhusu ajira Kenya. Inajua kwa sababu umewasha kitu kinaitwa `Open to work` na ukajaza fomu yake.

Fomu hiyo inauliza vyeo unavyotafuta, kama unataka kwenda kazini, kufanya kazi ukiwa nyumbani ama mchanganyiko, na inauliza miji. Hapo kwenye miji ndo unaandika Stuttgart, Munich, Hamburg, chochote. Profaili yako inaendelea kusema Mombasa, Kenya, ambayo ndiyo kweli, na bado unatokea kwenye utafutaji wa Stuttgart. Binamu yangu alikuwa amewasha `Open to work` tangu amalize chuo, lakini kwenye miji alikuwa ameweka Mombasa peke yake. Kwa hiyo alikuwa anawaambia Wajerumani, kwa maandishi, kwamba hataki kutoka hapa.

Na ukidanganya? Tuseme umeandika Berlin. Rikruta anakuona, anafurahi, anakuandikia: unaweza kuja ofisini Alhamisi? Nambari yako inaanza na +254. Fomu ya maombi inauliza kama tayari una ruhusa ya kufanya kazi Ujerumani. Utajibu nini? Ukisema ndiyo, umeingia kwenye uongo wa pili ambao ubalozi utaukuta. Ukisema hapana, yule aliyetaka mtu wa Berlin anakufunga, na wala hakosei. Aliyetafuta watu walio tayari kuhamia, huyo ameshakubali kichwani kwamba kutakuwa na viza. Huyo ndiye unayemtaka akuone. Huyo mwingine anakupotezea bando.

Haya, tuseme sasa unaonekana. Kuna jambo la pili, na hili lilinichekesha mpaka nikashika mbavu. Kwenye profaili ya binamu yangu, juu kabisa, palikuwa pameandikwa `BSc, TUM`. Hapa kwetu kila mtu anajua TUM ni ile ya Tudor. Ujerumani TUM ni Technische Universität München, chuo kikuu cha Munich, mojawapo ya vyuo vikubwa vya uhandisi nchini mwao. Mjerumani anaona TUM, anasema huyu ni wetu. Anashuka chini, anakuta Mombasa. Sasa yeye hafikirii kwamba kuna TUM mbili duniani. Anafikiria huyu dada alijaribu kuniingiza mjini. Herufi tatu tu, na umeshakuwa mwizi wa cheti.

Kwa hiyo andika jina zima la chuo, na usilichape tu kienyeji. LinkedIn unapoanza kuandika jina la chuo inakuletea orodha yenye nembo. Chagua pale. Ukichagua, jina lako linaunganishwa na ukurasa wa chuo, na wewe mwenyewe unaweza kuingia kwenye ukurasa huo ukaona waliosoma pale sasa wanaishi wapi na wanafanya nini. Binamu alikuta wenzake walioko Ulaya bila kumuuliza mtu. Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kampuni ndogo nyingi hazilipii ile programu ya bei. Zinatafuta kwa akaunti ya kawaida, na kwenye akaunti ya kawaida mtu aliye mbali sana na wewe kimtandao anaweza kuonekana kama `LinkedIn Member`, bila jina. Ukiwa na watu wachache wa fani yako walioko kule, unasogea karibu. Hao wachache ni bora kuliko marafiki mia tano wa Nyali wanaouza viwanja.

Sasa maneno. Hapa ndo kazi ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Binamu yangu alifanya atachimenti kwenye kiwanda kimoja upande wa Changamwe, sehemu ya kufungasha bidhaa, ambako kuna mikanda ya konveya inayoendeshwa na PLC. Kwa asiyejua, PLC ni kijikompyuta cha kiwandani kinachoambia mota lini iwake na lini izime kulingana na sensa. Ile aliyoikuta pale ilikuwa Siemens S7-1200, na programu ya kuiandikia inaitwa TIA Portal. Siemens ni ya Wajerumani. Yaani huyu dada amejifunza Changamwe kifaa kile kile kinachotumika kwenye viwanda vya kwao. Na kwenye profaili aliandika nini? Hiki hapa, nimeachiwa nikionyeshe:

```
Attachee, Maintenance Department
Responsible for maintenance and other duties as assigned.
Conversant with automation.
```

Hakuna neno hata moja hapo ambalo rikruta wa viwanda angelichapa kwenye kisanduku. Hakuna Siemens, hakuna PLC. Na lile neno la kwanza ni balaa lake mwenyewe. Sisi tunalitumia kwa mwanafunzi wa atachimenti, lakini nje ya hapa msomaji analiona karibu na lile linalomaanisha ofisa wa ubalozi. Msichana wa miaka ishirini na tatu, ofisa wa ubalozi, idara ya matengenezo. Andika `Intern`, inatosha, kila mtu anaelewa.

Kitu kingine ambacho hatukukijua mpaka mwalimu wake wa Kijerumani alipomwambia: Wajerumani PLC hawaiiti PLC. Wanaiita SPS. Ni kifupi cha jina lao refu la kutisha, Speicherprogrammierbare Steuerung. Rikruta wa kule akitafuta, anaweza kuandika kitu kama hiki:

```
("SPS" OR "PLC") AND ("TIA Portal" OR "S7-1200")
```

Maana yake: nipe watu walioandika SPS ama PLC, na pia walioandika TIA Portal ama S7-1200. Wengine wataandika SPS tu bila kujisumbua na Kiingereza. Ndo maana unaweka yote mawili. Kama fani yako ni nyingine, kanuni ni hiyo hiyo: fungua matangazo kumi ya kazi unayoitaka, ya mji unaoutaka, uandike kwenye daftari maneno yanayojirudia. Hayo yaliyojirudia, kama kweli unayajua, ndiyo yaingie kwenye profaili yako, kwa herufi zile zile. Usitafsiri na usipambe.

Na uwe makini na neno diploma. Kwetu diploma iko chini ya digrii. Ujerumani, Diplom ilikuwa shahada yao ya zamani ya chuo kikuu, ya kusoma miaka mingi, nzito kuliko digrii ya kwanza. Kama una diploma ya Kenya, andika ni ya miaka mingapi na ya chuo gani, usimwachie msomaji akisie juu halafu aanguke chini.

Tukaandika upya. Mstari ule wa juu, unaoitwa `Headline`, una nafasi ya herufi 220, na ndio unaokwenda na jina lako kila unapotokea. Wa zamani ulisema ana ari, ni kiongozi wa kesho, ni mpenda mabadiliko. Mpya huu:

```
BSc Electrical Engineering | PLC (SPS): Siemens S7-1200, TIA Portal | German B1 | Mombasa, open to relocate to Germany
```

Utaona hajajiita injinia. Kenya kuna Engineers Board, na sheria ya mwaka 2011 inasema nani anaruhusiwa kujiita injinia. Kuna daraja la Graduate Engineer, na kama umesajiliwa hapo, liandike, tena na nambari. Kama bado, andika digrii yako. Ujerumani nako cheo chao cha Ingenieur kinalindwa na sheria. Ukijipa cheo usichonacho, atakayekukamata ni mtu wa kwanza mwenye akili.

Kisha ile sehemu ya kiwanda:

```
Electrical Maintenance Intern, packing plant, Mombasa, Kenya
- Traced and fixed sensor faults on 2 conveyor lines (S7-1200), under a senior technician
- Modified a start/stop sequence in TIA Portal; tested with supervisor before use
```

Kuna mtu atasema mbona ameandika alisimamiwa, si anajishusha? Hapana. Mwanafunzi wa miezi mitatu anayedai alibadilisha mfumo wa kiwanda kizima peke yake hakuna fundi atakayemwamini. Anayesema nilifanya hiki, kwa kifaa hiki, chini ya fundi, huyo anaaminika, na kwenye mahojiano akiulizwa swali la kwanza hatatoa macho. Pia tuliandika kiwanda kinafanya nini, kwa sababu majina ya kampuni zetu, hata zile ambazo hapa Changamwe ukitaja kila mtu anasimama, kule hayana maana yoyote.

Halafu ushahidi. Rikruta hawezi kupiga simu kiwandani Changamwe. Lakini anaweza kutazama video ya sekunde arobaini. TIA Portal ina toleo la majaribio la bure la siku 21, pamoja na kifaa cha kuigiza PLC kwenye kompyuta, kwa hivyo huhitaji mashine yenyewe. Ujanja ni kwamba siku 21 zinaanza kuhesabika ukishaanza kuitumia, na programu ni nzito, lapi ya kawaida inalia kama matatu ya zamani ikipanda Makupa. Binamu alichofanya, aliandika mpango wake wote kwenye karatasi kwanza: konveya mbili, sensa tatu, kitufe cha dharura. Alipomaliza ndo akaazima lapi ya rafiki yake na kuanza majaribio. Siku ya tano ilikuwa inafanya kazi. Akarekodi skrini, akaeleza kwa Kiingereza na sentensi chache za Kijerumani, akaiweka kwenye sehemu ya `Featured`. Kijerumani chake kina lafudhi ya Mtongwe kabisa, na mimi naona ni sawa, manake B1 aliyoiandika inasikika ni B1.

Sasa viza. Wengi wanaficha jambo la viza mpaka mwisho, kama mtu anayeficha kwamba ana mtoto. Mimi naona liwekwe mwanzo wa sehemu ya `About`, kwenye mistari ile michache inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi. Rikruta ana maswali mawili ambayo hakuulizi: je, karatasi zake zinakubalika, na je, ni lini anaweza kuja? Mjibu.

Kwa Ujerumani karatasi zina njia yake. Kuna tovuti ya serikali inaitwa anabin, `anabin.kmk.org`, ambako unatafuta chuo chako na digrii yako. Chuo kikiwa na alama ya H+ kinatambulika. Lakini chuo peke yake hakitoshi, na hapa wengi wanateleza: digrii yenyewe nayo lazima ilinganishwe. Usipoipata humo, unaomba barua ya ulinganisho kutoka ofisi yao inayoitwa ZAB, ambayo ada yake imekuwa yuro 208. Ni pesa, sikatai. Lakini mtu ambaye barua hiyo iko mkononi na ameiandika kwenye profaili, ametoka kwenye kundi la "labda" ameingia kwenye kundi la "tumpigie".

Kisha mshahara. Viza inayowafaa wengi wenye digrii ni Blue Card, na ina kiwango cha chini cha mshahara ambacho hupandishwa kila mwaka. Mwaka 2025, kwa fani zenye upungufu wa watu, uhandisi ukiwemo, na kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu, kilikuwa yuro 43,759.80 kwa mwaka. Kwa nini ujue hili wewe ambaye bado hujapata hata mahojiano? Kwa sababu ukiulizwa unataka mshahara gani na ukasema yuro elfu thelathini ukidhani unakuwa mnyenyekevu, umejifungia viza mwenyewe. Hawawezi kukupa hata wakitaka. Angalia kiwango cha mwaka huu kabla hujafungua mdomo.

Mistari yake ya mwanzo sasa inasema hivi:

```
Based in Mombasa, Kenya. ZAB statement in hand. I need an EU Blue Card and can start about 3 months after a contract.
```

Hakuna ari wala ndoto hapo, na ndo uzuri wake.

Hapa nitoke kidogo kando. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin. Mnakumbuka kelele zake: ati nafasi 250,000. Wizara yao ya Mambo ya Ndani ikajitokeza ikasema hiyo namba si kweli, mkataba haukuwa na idadi yoyote. Lakini hapa mtaani mpaka leo kuna watu wanasubiri orodha ije kwa chifu. Mkataba ulifungua njia ya karatasi. Kampuni ndiyo inayochagua mtu, mmoja mmoja, na inamchagua kwenye zile kurasa za mwanzo nilizosema.

Na pale pale ndo matapeli wanapokaa. `Open to work` ina njia mbili za kuonekana. Ya kwanza inakuwekea duara la kijani kwenye picha na kila mtu anaona. Ya pili, `Recruiters only`, wanaona wale tu wanaotumia programu ya kuajiri. Wengi wanapenda la kijani. Mimi kwa mtu anayeomba akiwa Kenya napendekeza la pili, kwa sababu la kijani ukichanganya na maneno "tayari kuhamia Ulaya" ni kama kusimama stendi ya feri na bahasha ya pesa mkononi. Kama tayari una kazi hapa, jua pia kwamba LinkedIn hujaribu kukuficha kwa watu wa kampuni yako lakini haikuhakikishii.

Binamu aliweka la kijani wiki ya kwanza. Siku ya tatu akaandikiwa na "meneja wa ajira" wa kampuni ya Frankfurt: umechaguliwa, hakuna mahojiano, hamia WhatsApp, tuma shilingi 45,000 za kushughulikia faili. Alinipigia usiku, sauti ya furaha inatetemeka. "Kaka, nimepata!" Nikamwambia tulia kwanza, tuangalie.

Tulifanya hivi. Kwenye profaili ya mtu yeyote LinkedIn kuna sehemu inaitwa `About this profile`, inaonyesha alijiunga lini. Huyu meneja mwenye miaka ishirini ya kazi alikuwa amejiunga mwezi uliopita. Halafu tovuti ya kampuni. Sheria ya Ujerumani inataka tovuti ya biashara iwe na ukurasa unaoitwa `Impressum`, wenye anwani, jina la msimamizi, na kama kampuni imesajiliwa, nambari ya usajili. Tovuti yake haikuwa nao. Na ingekuwa na nambari, tungeipeleka kwenye `handelsregister.de`, ambako kutafuta kampuni ni bure. Kama angejifanya wakala wa hapa Kenya, tungemtafuta kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na National Employment Authority. Dakika kumi, kikombe kimoja cha chai. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Walahi nilikuwa nishaanza kuuliza mama pesa." Akabadilisha ikawa `Recruiters only` usiku huo huo.

Utajuaje kama haya yote yanafanya kazi? Usihesabu laiki. Kwenye ukurasa wako wa takwimu kuna `Search appearances`: kwa wiki umetokea mara ngapi kwenye utafutaji, na waliokutafuta wanafanya kazi kampuni gani na kwa cheo gani. Zamani yake ilikuwa mara mbili, tatu kwa wiki, na waliomtafuta ni watu wa Nairobi wa mauzo ya bima. Baada ya kubadilisha, wiki ya nne alifika kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza kukawa na makampuni ya mashine. Kama namba inapanda lakini wanaokutafuta si wa fani yako, maneno yako ndiyo mabaya. Kama wa fani wanakuona lakini hawakuandikii, basi shida iko kwenye mstari wa juu ama picha ama ile mistari ya viza. Ni vitu viwili tofauti, usivirekebishe kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

Na ukiandikiwa, jibu, hata kama ni kusema hapana. Ujumbe wa rikruta unaitwa InMail na una kikomo, analipia idadi fulani. Ukimjibu ndani ya siku 90 anarudishiwa ule aliotumia. Asiyejibu amemla pesa, na watu hukumbuka waliowala.

Tangu hapo binamu ameandikiwa na watu watatu wa kweli. Mmoja alitaka mtu wa miaka mitano ya kazi, hilo halina dawa. Wa pili alimfanyia mahojiano ya video, akamuuliza kuhusu ile video ya konveya kwa nini kitufe cha dharura hakikuwekwa kwenye programu peke yake bali pia kwenye waya. Alijibu vizuri, kwa sababu fundi wa Changamwe alimfokea kuhusu jambo hilo hilo: kompyuta inaweza kuganda, waya ukikatwa umekatwa. Wakampenda, lakini wakasema kazi yao ni ya kuongea na wateja, Kijerumani kinatakiwa B2.

Wa tatu bado wanaongea. Sai binamu yuko kwenye darasa la B2 jioni, na mtihani ataufanyia Goethe-Institut Nairobi. Nauli ya SGR ameshaweka. Kwenye profaili bado imeandikwa `German B1`, na nilipomwambia aweke "B2 inaendelea" alinikatalia, akasema cheti kikija ndo kitaandikwa.